Jaji Anapomfahamu Mdaawa: Namna ya Kulijibu Swali la Kujitoa

Mhadhara kwa wanafunzi wa sheria, mawakili na wananchi, Posta, Dar es Salaam

 

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wanafunzi hukutana nalo mara kwa mara katika karatasi za mtihani, nalo ni la jaji ambaye, shauri likiwa linaendelea, inabainika kuwa anamfahamu mmoja wa wadaawa. Je, ajitoe? Kusudi langu ni kuonyesha jinsi swali hilo linavyojibiwa hatua kwa hatua, kwa kulitatua moja hapa mbele yenu. Majibu mengi huanguka kwa sababu mtahiniwa anasoma neno "anamfahamu" kisha anaandika "ajitoe", kana kwamba ameshamaliza. Kumfahamu mtu peke yake hakumwondoi jaji kitini. Jibu liko katika undani wa kufahamiana huko na uhusiano wake na kile kinachobishaniwa.

Swali lenyewe ni hili. Ni la kubuni, kwa hiyo msimtafute mtu ndani yake.

Mfanyabiashara wa jumla wa vitenge wa Kariakoo amefungua shauri Mahakama Kuu, hapa Dar es Salaam, akiidai kampuni moja shilingi milioni 450. Anasema aliipa kampuni hiyo mzigo kwa mali kauli, na bei haikulipwa. Hakuna mkataba wa maandishi. Kampuni inasema mzigo ulilipiwa fedha taslimu dukani. Mdai ameshatoa ushahidi wake na kufunga. Siku ya utetezi, mkurugenzi wa kampuni anapanda kizimbani na Jaji anamtambua. Jaji anawaambia mawakili mambo matatu: kwamba zamani waliishi jirani Upanga, kwamba miaka mitano iliyopita walikaa kamati moja ya harusi, na kwamba mwaka jana mkurugenzi huyo alichangia shilingi milioni mbili katika harusi ya mtoto wa Jaji. Wakili wa mdai anaomba Jaji ajitoe. Wakili wa mdaiwa anapinga. Anasema mkurugenzi mwingine anaweza kutoa ushahidi badala ya huyu, na kwamba shauri limeshakaa mahakamani miaka mitatu. Andika uamuzi mdogo wa Jaji.

Hoja ya kwanza: Swali halihusu uaminifu wa Jaji

Mtahiniwa anayeanza kwa kuandika kwamba Jaji wetu ni mwadilifu, au kwamba si mwadilifu, ameshapotea. Hakuna aliyemtuhumu kupokea chochote. Mahakama inaangalia mambo yanavyoonekana kwa mtu aliye nje.

Mtu huyo ni nani? Mwaka 2007 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, ilikabiliwa na ombi la Mwanasheria Mkuu wa Kenya dhidi ya baadhi ya majaji wake, katika mgogoro wa Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake kuhusu namna wabunge wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki walivyopatikana. Mahakama ilisema kwamba kipimo ni hofu yenye msingi, ikitazamwa kwa macho ya mwananchi mwenye busara, asiyependelea upande wowote, na aliyepewa taarifa zote za shauri. Ilieleza pia kwamba anayeomba jaji ajitoe huja na hisia zake mwenyewe, lakini mahakama haipimi kwa hisia za mwombaji. Humweka kando na kumfikiria mwananchi yule. Ombi lile lilikataliwa.

Angalieni sifa tatu za mwananchi huyo, maana kila moja ina kazi. Kwa kuwa ana busara, hashtuki kwa kila fununu. Kwa kuwa hana upande, hamchukii mkurugenzi wala hamhurumii mdai. Na kwa kuwa ana taarifa, anajua kwamba majaji huapa, wamezoea kutenganisha hisia na ushahidi, na nao huishi mitaani kama sisi. Sifa hii ya tatu ndiyo wanafunzi huisahau. Mtu aliyesikia nusu ya habari kibarazani si mwananchi tunayemtafuta.

Kwa upande wa Tanzania, mamlaka ya kuanza nayo ni uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika Laurean G. Rugaimukamu dhidi ya Mkuu wa Jeshi la Polisi na mwenzake, Rufani ya Madai Namba 13 ya 1999. Mahakama ilitaja mazingira matatu ambayo jaji au hakimu anaweza kupingwa kihalali: kukiwa na ushahidi wa uhasama kati yake na mdaawa, akiwa na uhusiano wa karibu na upande wa pili, na ikiwa yeye au mtu wa familia yake ya karibu ana maslahi katika matokeo ya shauri, mbali na maslahi ya haki kutendeka. Mahakama hiyohiyo ilionya kwamba jaji asiombwe kujitoa kwa sababu hafifu au hofu za kufikirika.

Swali letu linaangukia mazingira ya pili. Neno la kulishikilia hapo ni "karibu".

Kabla sijaendelea, nitofautishe jambo moja. Jaji mwenye maslahi yake mwenyewe katika matokeo huondoka bila kupimwa chochote zaidi. Mwaka 1998 Malodi wa Uingereza waliamua kwa kura tatu dhidi ya mbili kwamba Jenerali Pinochet wa Chile hakuwa na kinga. Baadaye ikajulikana kwamba mmoja wao, Lodi Hoffmann, alikuwa mkurugenzi wa taasisi ya hisani iliyofungamana na Amnesty International, na Amnesty ilikuwa imeruhusiwa kushiriki katika shauri lile. Uamuzi ukatenguliwa, ingawa hakuna aliyesema kwamba alipendelea kwa kweli. Jaji wetu hana hisa katika kampuni ya vitenge, na hatapata senti mzigo ukilipwa au usipolipwa. Kwa hiyo mtahiniwa aseme kwa sentensi moja kwamba kundi hili halimhusu, kisha asonge mbele kwenye mwonekano wa upendeleo.

Hoja ya pili: Kila kufahamiana kupimwe peke yake, kisha kwa pamoja

Jaji amesema mambo matatu. Tuyachukue moja baada ya jingine.

La kwanza ni ujirani wa Upanga. Dar es Salaam ni jiji kubwa, lakini watu wanaosoma, wanaofanya kazi na wanaoswali au kusali pamoja wanakutana tena na tena. Kama ujirani wa zamani ungekuwa sababu ya kujitoa, mahakama zilizoko kando ya Barabara ya Kivukoni zingekosa wa kusikiliza mashauri ya watu wa Upanga. Mwananchi wetu angelisikia hili na kuendelea na shughuli zake.

La pili ni kamati ya harusi. Hapa mtahiniwa aifahamu jamii yetu. Kamati ya harusi hukutanisha ndugu, wafanyakazi wenza, majirani na marafiki wa marafiki. Wengine hukutana vikao viwili vitatu na kundi la simu likifungwa hawazungumzi tena. Kukaa kamati moja miaka mitano iliyopita kunaonyesha kwamba watu wanafahamiana, lakini hakuthibitishi urafiki. Tungetaka kujua harusi ilikuwa ya nani, na kama wawili hawa waliendelea kuonana.

La tatu, mchango wa milioni mbili, ni zito zaidi, kwa sababu nne. Ni wa mwaka jana, na ukaribu wa sasa hupimwa kwa mambo ya sasa. Ulihusu mtoto wa Jaji mwenyewe, si wa mtu wa tatu. Kiasi chake kinazidi kile ambacho mtu anayefahamiana na mwenye shughuli kwa mbali hutoa. Na mwaka jana shauri lilikuwa tayari mahakamani, maana limekaa miaka mitatu. Jaji hakumtambua mkurugenzi hadi alipomwona kizimbani, kwa kuwa mdaiwa aliyesomeka kwenye jalada ni kampuni, na hilo tumwamini. Lakini je, mkurugenzi hakujua kwamba harusi ile ilikuwa ya mtoto wa Jaji anayesikiliza shauri la kampuni yake?

Nawasihi msiruke kutoka hapa na kusema mchango ulikuwa hongo. Swali halisemi hivyo. Miongoni mwetu mchango wa harusi ni deni la heshima: aliyechangiwa leo atachangia kesho. Uzito wake kisheria unatoka hapo hapo. Jaji amebaki na wajibu wa kijamii kwa mtu ambaye ushahidi wake anatakiwa kuupima. Mwananchi mwenye taarifa, aliyekulia humu, anaujua wajibu huo bila kufundishwa. Akiyaweka mambo yote matatu pamoja, ujirani, kamati, kisha mchango wa hivi karibuni, anaona uhusiano uliodumu na unaoendelea.

Hoja ya tatu: Tazama kinachobishaniwa

Ukaribu uleule unaweza kuwa mwepesi katika shauri moja na mzito katika jingine. Tuseme mkurugenzi alikuja kutambulisha hati ya usajili wa kampuni ambayo hakuna anayeipinga. Ufahamiano ungekuwa na athari ndogo sana, kwa sababu Jaji hahitaji kuamua kama anasema kweli.

Shauri letu ni la mali kauli. Ndugu zangu wa Kariakoo mnajua biashara hiyo ilivyo: mzigo unatoka kwa neno, na fedha zinarudi kwa neno. Hakuna ankara iliyosainiwa wala stakabadhi ya benki. Mdai anasema "sijalipwa", mkurugenzi anasema "nilikulipa taslimu", na Jaji anabaki na midomo miwili. Ni lazima aamue nani mkweli, na kwa vitendo ataandika kwamba mmoja amesema uongo. Mwananchi wetu angejiuliza: je, mtu anaweza kumwita mwongo, kwa maandishi yatakayosomwa hadharani, yule aliyemchangia harusi ya mwanawe mwaka jana? Na akimwamini, je, mdai hataondoka akijua kwa nini?

Kisa kinachofanana na chetu kuliko vyote ninavyovijua ni cha Uingereza, AWG Group dhidi ya Morrison, kilichoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya huko mwaka 2006. Jaji Evans-Lombe aliposoma majalada kabla ya kesi kubwa kuanza, aliona kwamba mmoja wa mashahidi wa mdai alikuwa mtu anayefahamiana naye na familia yake kwa takriban miaka 30. Aliwaambia mawakili. Mdai akapendekeza shahidi huyo asiitwe, na wengine watoe ushahidi mahali pake. Jaji akakubali kuendelea, akihofia pia gharama na ucheleweshaji. Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi wake. Ilisema kwamba ikiwa kipimo cha mwonekano wa upendeleo kimetimia, jaji hana hiari ya kubaki, na gharama, usumbufu na muda uliopotea haviingii katika mizani.

Mtumie kisa hiki kwa uangalifu. Sheria za Uingereza zilipokelewa kwetu kupitia Sura ya 358 kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Uamuzi wa mwaka 2006 haufungi mahakama zetu, unashawishi tu. Andika hivyo katika jibu lako, na mtahini ataona kwamba unajua uzito wa kila kitabu unachokifungua.

Sasa mnajua namna ya kumjibu wakili wa mdaiwa. Hoja ya kumleta mkurugenzi mwingine haitoshi, kwa sababu anayemfahamu Jaji ni mtu anayeiongoza kampuni, na kampuni ndiyo mdaiwa. Shahidi akibadilishwa, anayeshinda au kushindwa ni yuleyule. Kwa hilo kisa chetu ni kizito kuliko cha AWG. Na hoja ya miaka mitatu ni ya kweli, inaumiza, lakini haijibu kipimo.

Hoja ya nne: Namna ni sehemu ya haki

Wanafunzi wengi huandika matokeo bila kuandika hatua. Uamuzi mdogo mzuri unaonyesha kwamba Jaji alifuata njia.

Kwanza, afichue mara tu anapotambua, akiwa mahakamani, mbele ya pande zote mbili, na maneno yake yaandikwe kwenye mwenendo wa shauri. Aeleze mambo kama yalivyo, kwa ukamilifu. Ufichuzi nusu ni hatari kuliko ukimya, maana ujirani ukitajwa na mchango ukafichwa, mchango utakapojulikana baadaye utasomeka kama siri.

Pili, awape mawakili nafasi ya kuzungumza na wateja wao na kutoa hoja. Jaji hahojiwi kama shahidi. Anasema anachokijua, na pande zinajenga hoja juu ya hapo. Ombi litolewe mbele ya Jaji mwenyewe. Barua ya siri kwa Jaji Mfawidhi, ambayo upande wa pili haujaiona, inaleta tatizo jipya la kutosikilizwa.

Tatu, upande unaweza kusamehe. Mdai akijua mambo yote, akiwa na nafasi ya kutafakari, akasema waziwazi kwamba hana pingamizi, Jaji anaweza kuendelea. Lakini aliyejua akanyamaza, akangoja hukumu, kisha akapinga baada ya kushindwa, amechelewa. Katika swali letu mdai amepinga palepale, kwa hiyo msamaha haupo.

Nne, ulizeni kama kuna mwingine anayeweza kusikiliza. Kanuni za Bangalore za mwaka 2002 kuhusu maadili ya majaji zinatambua kwamba ikiwa haiwezekani kuunda mahakama nyingine, jaji anaweza kulazimika kubaki. Dar es Salaam ina majaji wengi wa Mahakama Kuu, na dharura ya namna hiyo haipo hapa.

Hoja ya tano: Upande wa pili wa mizani

Ningekuwa siwatendei haki nikiwaacha mkiamini kwamba kujitoa ni salama siku zote. Jaji anaapa kusikiliza mashauri anayopangiwa. Akijitoa kwa kila lalamiko, mwenye fedha na subira atamfukuza jaji mmoja baada ya mwingine mpaka ampate anayemtaka. Onyo la Rugaimukamu kuhusu sababu hafifu linazuia jambo hilo.

Namna ya kutofautisha ni kuuliza ombi limejengwa juu ya nini. Ombi la kweli lina mambo yanayoweza kutajwa: tarehe, tukio, kiasi, uhusiano. Ombi hafifu huegemea kwenye kabila la jaji, dini yake, chuo alichosoma, au uamuzi mdogo aliotoa dhidi ya mwombaji. Mahakama ya Rufani ya Uingereza katika Locabail, uamuzi uliotolewa mwishoni mwa 1999, ilitaja mambo ya aina hii kuwa kwa kawaida hayawezi kuwa msingi, huku ikisema urafiki wa karibu au uhasama na mtu anayehusika katika shauri unaweza kuwa msingi. Na pale mizani inapobaki nusu kwa nusu, ilisema, shaka imwendee anayeomba jaji ajitoe.

Kwa hiyo badilisheni kidogo mambo ya swali na muone jibu linavyogeuka. Ondoeni mchango, acheni ujirani na kamati: ombi linakataliwa. Rudisheni mchango, lakini uwe wa shilingi elfu hamsini, wa miaka minane iliyopita, na mkurugenzi awe mmoja kati ya wachangiaji mia tatu: ombi linakataliwa, ingawa Jaji anapaswa kufichua. Mtahini mzuri hupenda kubadili mambo hivyo, na aliyekariri kanuni bila kuelewa sababu hupotea hapo.

Hitimisho la uamuzi mdogo

Kwa mambo yalivyo, uamuzi wangu ungesomeka hivi kwa kifupi: Jaji hana maslahi katika shauri na hajatuhumiwa. Hata hivyo, uhusiano wake na mkurugenzi wa mdaiwa ni wa karibu na wa hivi karibuni, na shauri linategemea ukweli wa kauli ya mkurugenzi huyo. Mwananchi mwenye busara, asiye na upande na mwenye taarifa angekuwa na hofu yenye msingi. Jaji anajitoa, na jalada linarudishwa kwa Jaji Mfawidhi ili lipangiwe mwingine.

Usisahau kinachofuata. Chini ya Amri ya XVIII, Kanuni ya 10 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, mrithi anaweza kuutumia ushahidi ulioandikwa na mtangulizi wake na kuendelea kutoka hapo. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Georges Centre Limited dhidi ya Mwanasheria Mkuu, imesisitiza kwamba sababu ya kubadilisha jaji iandikwe kwenye jalada. Lakini katika shauri la midomo miwili, mrithi ambaye hakumwona mdai akijibu maswali afikirie kumwita tena. Na kama Jaji angekataa kujitoa, upande usioridhika usingeweza kukata rufaa palepale, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu rufaa dhidi ya uamuzi mdogo usiomaliza shauri. Ungesubiri hukumu na kuliweka jambo hili miongoni mwa sababu za rufaa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia na pendekezo kwa wale watakaokuwa mawakili na mahakimu kesho. Tatizo la swali letu lilizaliwa siku shauri lilipofunguliwa, pale jalada lilipobeba jina la kampuni peke yake. Kikao cha kwanza cha kupanga ratiba ya shauri kikidai kila upande uwasilishe majina ya wakurugenzi, wenye hisa wakubwa na mashahidi wanaotarajiwa, Jaji atayasoma siku ya kwanza. Akiliona jina analolifahamu, atafichua kabla ya shahidi yeyote kuapa, na kama ni lazima jaji abadilishwe, atabadilishwa kwa gharama ya wiki mbili badala ya miaka mitatu. Hatuhitaji sheria mpya kuanza. Wakili yeyote anaweza kuiomba mahakama ifanye hivyo katika shauri lake lijalo, na nawaomba mawakili mliopo hapa muanze nalo mwezi huu.

 Sasa nakaribisha maswali, na naomba wafanyabiashara muanze.